Barua Inayofuatana na Mchoro wa Shafti

Mchoro wa shafti ya mashine ya kusaga mahindi hauna maneno mengi. Una mistari, namba na alama chache ambazo fundi mkerezaji anatakiwa azisome na kuzigeuza kuwa chuma. Tatizo ni kwamba kwenye karatasi namba zote zinafanana. Kipenyo cha 40 kinachobeba beringi kimeandikwa kwa wino uleule wa kipenyo cha 60 ambacho hakigusani na kitu chochote. Fundi ambaye hajaiona mashine yenyewe hawezi kujua ni namba ipi akiikosea kwa unene wa unywele kazi nzima imeharibika, na ni ipi akiikosea hata kwa robo milimita hakuna atakayedhurika.

Kwa hiyo mbunifu anayejali kazi yake hakabidhi mchoro mtupu. Anaambatanisha barua fupi, ukurasa mmoja au miwili, inayomweleza fundi mambo matatu: kila kipimo kianzie wapi, vipimo vipi havina msamaha, na kila kimoja kinaruhusiwa kuzidi au kupungua kiasi gani. Zaidi ya hapo inaeleza sababu, na hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa kuwa fundi aliyeelewa sababu hufanya uamuzi sahihi hata pale ambapo mchoro umenyamaza.

Tuitazame barua ya namna hiyo kwa shafti moja. Ni ya mashine ya kusaga yenye nyundo, ile inayozungushwa na mota kwa mkanda. Imekerezwa kutoka chuma cha EN8 na ina urefu wa milimita 460. Ukiianzia upande wa mota, ngazi ya kwanza ina kipenyo cha 35 na hubeba puli. Inafuata ngazi ya 40 inayobeba beringi ya kwanza, kisha ya 48, kisha kola nene ya 60. Baada ya kola kuna ngazi ya 50 ambapo rota yenye nyundo huvishwa hadi iguse kola, na mwisho ni ngazi nyingine ya 40 ya beringi ya pili. Beringi zote mbili ni namba 6208, ambazo tundu lake ni milimita 40.

Barua inaanza hivi:

"Ndugu Fundi, salaam. Kabla hujafunga chuma kwenye mashine, naomba ujue kwamba shafti hii haina mhimili mwingine ila ule unaopita katikati ya ngazi mbili za 40. Nimeziita A na B. Vipenyo vingine vyote vitahukumiwa kwa kufuata mhimili huo."

Hiyo ndiyo datumu ya kwanza, yaani mahali ambapo upimaji wote unaanzia. Mbunifu hakuichagua kwa kupendezwa nayo. Shafti ikishaingia kwenye mashine, kinachoishikilia ni beringi mbili tu, na itazunguka kwa kufuata beringi hizo hata kama sehemu nyingine zimepinda. Mtu anayeipima kwa kuanzia ncha, au kwa kuanzia kola ya 60 kwa sababu ni nene na inashikika vizuri, anapima kitu ambacho mashine haikijui.

Kwa fundi, maneno hayo yanabadilisha namna ya kufanya kazi. Njia ya haraka ni kukibana chuma kwenye chaki ya taya tatu, kukereza upande mmoja, kisha kukigeuza na kukereza upande wa pili. Lakini chaki ya taya tatu iliyotumika miaka mingi haikirudishi chuma katikati palepale. Mara nyingi hukisogeza kwa sehemu kadhaa za mia za milimita, na hapo A na B hazitakuwa na mhimili mmoja tena. Kila ngazi ukiipima peke yake kwa maikromita itaonekana safi kabisa, ilhali shafti nzima imevunjika mgongo. Kwa hiyo barua inasema wazi: "Toboa matundu ya senta kwenye ncha zote mbili, na ukereze vipenyo vya mwisho shafti ikiwa kati ya senta. Matundu hayo usiyakate baada ya kazi. Atakayeitengeneza shafti hii miaka ijayo atayahitaji."

Fundi atauliza: nitajuaje kwamba nimefaulu? Ipo njia rahisi na haihitaji chumba cha vipimo. Shafti inalazwa kwenye vitalu viwili vyenye mfereji wa V, kimoja chini ya A na kingine chini ya B, halafu saa ya kupimia inagusishwa kwenye ngazi ya 50 huku shafti ikizungushwa taratibu kwa mkono. Mshale usitembee zaidi ya 0.03 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kupima hivyo shafti ikiwa bado kwenye chaki hakusaidii, maana hapo saa inasoma mchezo wa chaki.

Kwa nini 0.03? Chukua rota ya kilo 40 iliyosawazishwa vizuri, uivishe kwenye ngazi ambayo saa inasoma 0.10. Usomaji huo unamaanisha kwamba kitovu cha rota kimehama kwa nusu yake, yaani 0.05. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, uhamaji huo mdogo huzaa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 20, nayo inaizunguka shafti mara 50 kila sekunde. Mwenye mashine ataona boliti za msingi zinalegea na ataanza kulaumu zege.

Baada ya mhimili, barua inaingia kwenye ngazi za beringi. Mchoro unasema 40 k6. Herufi na tarakimu hiyo ni kifupisho cha mfumo wa kimataifa wa toleransi, na kwa kipenyo hiki maana yake ni kwamba shafti iwe kati ya 40.002 na 40.018. Upana wa nafasi aliyopewa fundi ni maikroni 16, yaani sehemu 16 za elfu za milimita. Angalia kwamba hata kipimo cha chini kabisa kimezidi 40. Upande wa pili, tundu la beringi ya 6208 hutengenezwa likiwa 40 kamili au pungufu kidogo, hadi 39.988. Kwa hiyo shafti siku zote ni kubwa kuliko tundu, na beringi lazima iingie kwa kubana.

Mafundi wengi hupenda beringi inayoteleza kwa mkono, kwa sababu kuifunga ni rahisi na kuitoa ni rahisi. Kwenye mashine hii upendeleo huo ni hatari. Mkanda unaivuta shafti kuelekea upande mmoja tu muda wote, huku shafti na pete ya ndani ya beringi zikizunguka. Kama kuna uwazi kati yao, hata mdogo sana, kila mzunguko pete inajiviringisha juu ya shafti na kubaki nyuma kidogo. Inatambaa. Dalili zake zinaonekana siku unapoifungua: unga wa rangi ya kutu iliyoiva juu ya ngazi, sehemu ya shafti iliyong'aa kama imepigwa msasa, na beringi inayotoka bila hata kugongwa.

Hapo ndipo karakana nyingi hutumia dawa ya kupiga sentapanchi kuzunguka ngazi ili chuma kiinuke vidoti vidoti na beringi ikaze tena. Barua hii inaikataa dawa hiyo kwa maneno makali, na naiunga mkono. Beringi inakuwa imekalia vilele vichache vya chuma badala ya kukalia ngazi nzima. Mzigo ukija, vilele vinapondeka na beringi inalegea upya, na kabla ya hapo imekuwa ikikaa upande kwa sababu hakuna mkono unaoweza kuinua vidoti vyote kwa kimo kimoja. Ngazi iliyolegea hujazwa chuma na kukerezwa upya, au shafti hubadilishwa.

Kubana kupita kiasi nako ni kosa. Kati ya vidonge na njia zake, beringi ya kawaida ya ukubwa huu imeachiwa nafasi ya ndani ya kati ya 0.006 na 0.020. Pete ya ndani ikivishwa kwa nguvu inatanuka, na sehemu kubwa ya ule ubanaji inaila nafasi hiyo. Shafti ikiwa 40.035 nafasi inaisha, vidonge vinasagana na njia zake, na beringi mpya inachemka siku ya kwanza. Barua inaagiza beringi zenye alama C3, ambazo nafasi yake ya ndani ni kubwa zaidi, kwa kuwa mashine ya kusaga hupata joto. Lakini hata C3 haiwezi kuokoa shafti iliyoachwa nene.

"Kwa hiyo, Fundi," mbunifu anaandika, "lenga 40.010. Ukiwa na maikromita ya kusoma mia moja ya milimita, hiyo ndiyo namba salama kuliko zote, kwa kuwa iko katikati. Kalipa usiitumie hapa."

Kalipa inakatazwa kwa sababu iliyo wazi. Ile inayosoma kwa hatua ya 0.02 ina hatua moja tu, nayo ni pana kuliko nafasi nzima tuliyopewa. Na maikromita yenyewe ithibitishwe kwanza kwa kile kijiti cha milimita 25 kinachouzwa pamoja nayo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo michoro haisemi kamwe, nalo ndilo huharibu ngazi nyingi zilizokerezwa kwa uangalifu. Vipimo vya mchoro ni vya nyuzijoto 20. Hilo ni kubaliano la kimataifa, na mbunifu haoni haja ya kuliandika. Chuma kikipata joto hutanuka kwa takriban sehemu 11.5 za milioni kwa kila nyuzi moja. Shafti iliyotoka kukerezwa mchana inaweza kuwa na nyuzi 50, yaani 30 zaidi ya kipimo cha mchoro. Kwa kipenyo cha 40, nyuzi 30 ni sawa na 0.014 ya milimita. Linganisha na nafasi nzima ya maikroni 16. Fundi anapima shafti ya moto, anasoma 40.010 aliyoambiwa, anafurahi na kuzima mashine. Asubuhi shafti ile ile ina 39.996 na beringi inaingia bila kubana. Hakuna aliyekosea kusoma.

Barua inatoa utaratibu: kereza kwa ukali hadi ibaki milimita moja ya kipenyo, iache shafti ipoe, chonga mifereji ya kii, na ndipo umalizie A na B. Mifereji hutangulia kwa sababu kuondoa chuma upande mmoja kunaweza kuipinda shafti kidogo, hasa fito iliyovutwa baridi kiwandani. Kipimo cha mwisho kichukuliwe shafti na maikromita zikiwa zimekaa pamoja kwenye meza moja hadi zilingane joto. Karakana ya Dar es Salaam au Mombasa haitakuwa na nyuzi 20, ila hilo halina madhara makubwa, kwani beringi nayo ni ya chuma na hutanuka pamoja na shafti. Madhara yanatokea pale kimoja kinapokuwa cha moto na kingine baridi.

Kuna kipimo kimoja kidogo ambacho ningependa kila mtu anayeagiza shafti akijue. Ni ile kona ya ndani ambapo ngazi ya 40 inakutana na bega. Kisu cha kukerezea huacha hapo mviringo mdogo, na mchoro unataka nusu kipenyo chake kiwe kati ya 0.8 na 1.0. Namba hiyo imebanwa pande zote mbili. Beringi ya 6208 ina ukingo uliochongwa kwa angalau 1.1. Mviringo wa shafti ukiwa mkubwa kuliko huo, beringi inapanda juu ya mviringo na kusimama kabla haijaligusa bega. Ukiitazama kwa macho utadhani imekaa. Chukua ukanda wa geji wa 0.05 uujaribu kati ya pete na bega: ukipita, beringi imesimama hewani, na baada ya siku chache za kazi itasogea na kulegea.

Kona ikiwa kali, bila mviringo, beringi inakaa vizuri lakini shafti inakatika. Mkanda unapoivuta shafti, kila mzunguko chuma kinakunjwa upande huu na kukunjwa upande ule, na nguvu hiyo hukusanyika kwenye kona kali kuliko mahali pengine popote. Ufa mdogo huanza hapo na kuingia ndani taratibu kwa wiki au miezi. Siku ya kukatika watu husema chuma kilikuwa kibovu. Tazama uso wa mkatiko: ukiona eneo laini lenye mistari iliyopinda kama ile ambayo mawimbi huiacha mchangani, na kando yake eneo dogo lenye chembe mbichi, basi shafti imekatika kwa uchovu, na sehemu laini itakuonyesha ufa ulianzia wapi. Mara nyingi ni kwenye bega, au kwenye ncha ya mfereji wa kii.

Baada ya kona, barua inageukia urefu, na hapa inaleta datumu ya pili: uso wa bega la beringi A, ulioitwa C. Beringi A ndiyo iliyofungwa isisogee, kwa hiyo ndiyo inayoamua shafti imekaa wapi ndani ya mashine. Rota lazima ikae katikati ya kasha lake ili nyundo zisikwaruze ukuta, na kwa ajili hiyo umbali kutoka C hadi uso wa kola ni 120, ukiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa 0.1.

Fundi anaweza kujiuliza kwa nini asipime ngazi moja moja, 100 kisha 20, kwa kuwa jumla ni ileile. Jibu liko kwenye makosa, ambayo nayo hujumlishwa. Vipimo visivyo na toleransi maalumu kwenye mchoro huu vinafuata kiwango cha ISO 2768-m, ambacho kinaruhusu 0.3 kwa urefu wa 100 na 0.2 kwa urefu wa 20. Ngazi mbili ambazo kila moja imekubalika zinaweza kuisogeza rota kwa 0.5, mara tano ya inavyotakiwa. Ukipima zote kutoka C, kosa la ngazi moja haliirithi ngazi inayofuata.

Umbali kati ya bega la A na bega la B ni 300, ukiruhusiwa 0.2 kila upande. Mbunifu amelegeza hapa kwa makusudi. Beringi B imeachwa huru kuteleza ndani ya nyumba yake, kwani shafti ikipata joto la nyuzi 40 zaidi, milimita 300 hizo zitaongezeka kwa karibu 0.14. Zikifungwa beringi zote mbili, urefu huo hauna pa kwenda na utazisukuma beringi ubavuni.

Yaliyobaki yanapita haraka. Ngazi ya rota ni 50 h6, kati ya 49.984 na 50.000, ili rota iingie kwa mkono. Ngazi ya puli ni 35 k6. Mfereji wake wa kii una upana wa 10 na kina cha 5, kina kikiruhusiwa kuzidi kwa 0.2 lakini kisipungue. Kipenyo cha kola na ngazi ya 48 havina masharti zaidi ya kiwango kile cha jumla, na barua inasema hivyo waziwazi: "Usipoteze muda hapa." Sentensi hiyo ni muhimu kama zile za masharti, maana fundi hulipwa kwa saa, na kila toleransi kali isiyo na sababu ni pesa ya mteja inayoteketea.

Mwisho wa barua kuna jedwali dogo lenye nafasi tupu: kipenyo cha A, kipenyo cha B, usomaji wa saa kwenye ngazi ya 50, umbali kutoka C hadi kola. Fundi anajaza alichopima, anatia sahihi na tarehe. Chini yake mbunifu ameandika namba yake ya simu na ombi moja: "Ukiona kipimo chochote hukiwezi kwa mashine uliyonayo, nipigie kabla ya kukata."

Nawe mwenye mashine ya kusaga, ambaye huna mbunifu wala mchoro, ukienda kukerezewa shafti usibebe ile iliyochakaa peke yake, kwa sababu ngazi zake zimeshaliwa na fundi akizinakili atanakili ugonjwa. Nunua beringi mbili mpya kwanza, uzipeleke zikiwa kwenye karatasi yake, pamoja na rota na puli. Mwambie fundi beringi zikae wapi na mkanda unavuta upande gani, na kabla hujamlipa mwombe apime A na B mbele yako, shafti ikiwa imepoa.